Kwa Nini Kope Hushuka Jioni: Mhadhara Kuhusu Makutano ya Neva na Msuli

Karibuni. Tuanze na mgonjwa. Mama wa miaka 30 huamka asubuhi macho yakiwa sawa. Ikifika saa kumi jioni, kope la kushoto limeshuka, na gari moja barabarani analiona mawili. Akilala usiku, kesho yake anaanza upya akiwa mzima. Haumwi popote, wala hana ganzi. Jibu lake liko mahali neva inapokutana na msuli.

Neva ikikaribia uzi wa msuli huacha ala yake ya mafuta na kugawanyika, na kila ncha hulala kwenye kibonde cha utando wa uzi huo. Lakini haiugusi. Kati yao kuna mwanya wa takribani nanomita 50. Ndani ya ncha mna vifuko vingi, kila kimoja kikiwa na maelfu ya molekuli za asetilikolini, kemikali inayobeba amri ya neva hadi kwenye msuli. Upande wa msuli, utando umejikunjakunja. Kwenye migongo ya mikunjo vimesongamana vipokezi vya asetilikolini, takribani 10,000 katika kila mikromita moja ya mraba. Chini, kwenye vina vya mikunjo, ndiko iliko milango ya sodiamu inayofunguliwa na umeme. Mpangilio huu una kazi, kama tutakavyoona.

Umeme wa neva ukifika nchani, milango ya kalsiamu hufunguka na kalsiamu huingia. Hiyo ndiyo inayofanya vifuko viungane na utando na kumwaga asetilikolini kwenye mwanya. Molekuli mbili zikinata kwenye kipokezi kimoja, kinafunguka, na sodiamu inaingia ndani ya msuli. Volti ya utando, ambayo kabla ya hapo ilikuwa karibu milivolti -80, inapanda. Ikipanda vya kutosha, ile milango ya sodiamu iliyo vinani, hatua chache tu kutoka kwenye vipokezi, hufunguka, na umeme mpya husambaa katika uzi mzima.

Umeme huo huzama ndani kupitia vijimfereji vya utando, na kufungulia kalsiamu iliyohifadhiwa ndani ya uzi. Kalsiamu hushika protini ya troponini, tropomiosini inayoziba njia husogea pembeni, na vichwa vya nyuzi nene za miosini hupata nafasi ya kushika nyuzi nyembamba za aktini na kuzivuta. Kila mvuto mmoja hugharimu molekuli moja ya ATP, nishati ya seli. Kalsiamu ikirudishwa ghalani kwa pampu, ambayo nayo hula ATP, msuli hulegea. Huko mwanyani, kimeng'enya kiitwacho asetilikolinesterasi kimeshavunja asetilikolini ndani ya takribani milisekunde moja.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo penye ufunguo. Neva ya mtu mzima wa afya humwaga asetilikolini mara kadhaa zaidi ya inayohitajika. Neva ikitumika mfululizo, vifuko vilivyo tayari hupungua, na kila pigo hutoa kidogo kuliko lililotangulia. Hilo hutokea kwetu sote! Hatulihisi kwa sababu akiba ni kubwa.

Mama yetu ana miasthenia gravisi. Kingamwili zake hushambulia vipokezi, vikapungua, na mikunjo ikasawazika. Akiba imekwisha. Asubuhi pigo la kwanza linatosha. Baada ya saa nyingi za kupepesa na kutazama, upungufu ule wa kawaida unatosha kuziacha baadhi ya nyuzi bila amri. Ganzi hakuna, kwa sababu neva za hisia hazihusiki.

Mwambie atazame juu bila kushusha macho kwa dakika moja au mbili, nawe tazama kope likishuka taratibu. Kisha weka barafu iliyofungwa kwa kitambaa juu ya kope kwa dakika 2. Likipanda milimita 2 au zaidi, kipimo kinaunga mkono utambuzi, kwani baridi hupunguza kasi ya kimeng'enya na asetilikolini hukaa zaidi. Dawa ya piridostigmini hufanya kazi hiyohiyo kwa kukizuia kimeng'enya. Dozi ikizidi, mgonjwa hutokwa mate na jasho, huharisha, na udhaifu hurudi.

Kuna dawa za kila siku ambazo ni hatari kwake: gentamaisini, kwinini, na magnesiamu salfeti tunayompa mjamzito mwenye kifafa cha mimba. Magnesiamu huzuia kalsiamu kuingia kwenye ncha ya neva, hivyo vifuko vinavyomwagwa hupungua. Kwa mwenye akiba ni jambo dogo. Kwa huyu, misuli ya kupumua inaweza kukosa amri.

Msingoje kipimo cha oksijeni kishuke, kwa kuwa hushuka kwa kuchelewa. Mwambie avute pumzi kubwa, kisha ahesabu kwa sauti kwa pumzi hiyo moja. Akishindwa kufika 20, mpelekeni palipo na mashine ya kupumulia akiwa bado anaongea.