Soma QRS Kwanza: Mpapatiko wa Atria katika Picha ya Monita

Wenzangu wauguzi, matabibu na madaktari, habari za asubuhi. Picha mnayoiona ukutani nimeichora kwa ajili ya leo, lakini haina tofauti na zile mnazotumiana kwenye simu usiku wa manane. Mgonjwa ni mama wa miaka 38 mwenye vali ya mitrali iliyosinyaa kutokana na homa ya rumatiki ya utotoni. Tangu jana moyo unamwenda mbio na pumzi zinambana. Muuguzi wa zamu amepiga picha kioo cha monita na kuuliza: huu ni mpapatiko wa atria, au mgonjwa anatetemeka tu?

Swali ni zuri, na karibu kila mtu huanza kulijibu mahali pabaya. Jicho linakimbilia ule mstari wa chini, kati ya QRS moja na nyingine, kwa sababu unacheza na unaonekana wa ajabu. Mimi nawaomba mstari huo muuache kwanza. Unaweza kuchezeshwa na mambo mengi, hata waya uliolegea. Umbali kati ya QRS na QRS haudanganyiki kirahisi hivyo, kwa hiyo tuanze nao.

Lakini kabla ya kupima chochote, itazameni picha yenyewe. Hapa katikati pana ufa mweusi, mwembamba, usio na mchoro. Monita nyingi huchora kutoka kushoto kwenda kulia, na huo ufa ndio unaofuta mchoro wa zamani ili mpya upite. Mapigo yaliyo kushoto mwa ufa ndiyo mapya kabisa. Yaliyo kulia kwake yalichorwa katika mzunguko uliopita, sekunde kadhaa nyuma. Ukipima kutoka QRS ya mwisho kabla ya ufa hadi ya kwanza baada yake, unapima kitu ambacho hakikutokea kwenye moyo wa mtu yeyote. Nimeona mapigo yaliyopangika vizuri kabisa yakiitwa mpapatiko kwa sababu ya umbali huo mmoja wa uongo. Urukeni.

Jambo la pili ni simu. Ikishikwa upande, sehemu ya kioo iliyo mbali na kamera hubanwa, na mapigo ya upande huo yanaonekana kukaribiana. Pigeni picha mkiwa mmesimama mbele ya kioo, simu ikiwa sambamba nacho, na mchukue upana wote wa mchoro pamoja na maandishi ya pembeni: II, 25 mm/s, x1. Jina la mgonjwa lifunikeni.

Sasa tupime. Picha haina vijisanduku vya kuaminika, na ukubwa wake umebadilika, kwa hiyo milimita za kwenye simu hazina maana. Kwenye kioo chenyewe mchoro una upana wa milimita 150, na kasi ni milimita 25 kwa sekunde. Yaani kioo kizima ni sekunde 6. Hapa ukutani upana huohuo umekuwa sentimita 120, kwa hiyo kila sentimita 20 ni sekunde 1.

Kushoto mwa ufa kuna QRS sita. Umbali kati yake ni sentimita 12, 9, 15, 8 na 11. Kulia kuna QRS tano: 10, 14, 7 na 13. Jumla tuna mapigo 11 ndani ya sekunde 6, ambayo ni kama 110 kwa dakika. Ila wastani haujatuambia lolote kuhusu mpangilio. Umbali mfupi kuliko wote, sentimita 7, ni sekunde 0.35; moyo ungeendelea hivyo ungepiga mara 171 kwa dakika. Mrefu kuliko wote, sentimita 15, ni sekunde 0.75, sawa na mapigo 80. Hizo mbili zimo katika mchoro mmoja wa mtu mmoja aliyelala kitandani.

Asiye na rula achukue kipande cha karatasi. Weka ukingo wake juu ya ncha za R, tia alama tatu zinazofuatana, kisha usogeze taratibu ukitafuta mahali pengine ambapo alama hizo tatu zinakaa sawasawa. Kama kuna mapigo ya ziada yanayokuja kwa zamu, au nodi ya AV inayodondosha pigo moja kila baada ya machache, karatasi itapata mwenzake, maana hali hizo hazina usawa lakini zina mtindo. Katika picha yetu karatasi imetembea kote haijakaa popote. Huo ndio ushahidi wa kwanza wa mpapatiko wa atria: kukosa usawa, na kukosa mtindo pia. Mkumbuke tu kwamba mapigo yakizidi 150 tofauti za umbali hupungua, na kwa jicho tupu mapigo yanaonekana kuwa na usawa. Hapo karatasi ni lazima.

Baada ya hapo, ndiyo, tushuke kwenye mstari wa chini. Tunatafuta wimbi la P mbele ya kila QRS, lenye sura ileile na umbali uleule. Halipo. Badala yake kuna vimawimbi visivyofanana: kimoja kimenyanyuka, kinachofuata kimelala, kingine kimemezwa na wimbi la T. Hivi tunaviita mawimbi ya f. Ukivihesabu ndani ya sekunde moja utapata kati ya 6 na 10, maana atria zinawashwa mara 350 hadi 600 kwa dakika.

Kwa nini vinacheza namna hiyo? Katika moyo wenye mpangilio, umeme unaanzia nodi ya SA na kusambaa kwenye atria zote mbili kwa mkondo mmoja. Elektrodi za kifuani huona jumla ya mkondo huo, nayo ni wimbi moja la P, safi. Katika mpapatiko hakuna mkondo mmoja. Vipande vya atria vinawashana kila kimoja kwa wakati wake. Umeme unazunguka kovu hapa, unakufa pale, unajigawa kwingine. Mnamo 1998 Michel Haïssaguerre na wenzake huko Bordeaux walionyesha kwamba mara nyingi cheche inayoanzisha vurugu hiyo hutoka kwenye mishipa inayoleta damu kutoka mapafuni. Elektrodi bado inajumlisha, lakini sasa inajumlisha mikondo midogo inayokwenda pande tofauti na kufutana. Kinachobaki ni mabaki ya hesabu hiyo, na mabaki hubadilika kila sehemu ya sekunde. Ndiyo maana urefu na sura ya vimawimbi havitulii.

Kwa mama huyu vimawimbi ni vikubwa kiasi cha kuonekana hata kwenye picha ya simu. Hiyo inaendana na atria ya kushoto iliyotanuka kwa sababu ya vali iliyosinyaa. Kwa wagonjwa wengine, hasa wazee, mstari huwa karibu tambarare, na ukosefu wa vimawimbi usiwafanye mkatae mpapatiko. Pandisheni x1 iwe x2. Kama monita ina waya wa kifua, wekeni kibandiko chake kwenye nafasi ya nne kati ya mbavu, ukingoni mwa mfupa wa kidari upande wa kulia, kisha mchague V badala ya II. Pale mko karibu na atria ya kulia, na mara nyingi mawimbi ya f hujitokeza.

Na QRS nazo, kwa nini zinakosa mtindo? Nodi ya AV ni kama mlinzi wa geti anayegongewa mara mia kadhaa kwa dakika. Baadhi ya mapigo hupita. Mengine huingia nusu, hufia ndani ya nodi, na kuiacha imechoka kwa muda kidogo bila sisi kuona chochote kwenye kioo. Pigo linalofuata litapita au halitapita kutegemea uchovu ulioachwa na lile lililozama. Kwa hiyo umbali unaofuata hauwezi kukisiwa kutoka kwa uliotangulia.

Hapo pia mtaelewa namba mbili zilizogombana kwenye kioo chetu. HR inasema 124, na PR ya kwenye kidole inasema 88. HR ni wastani wa sekunde chache, hivyo inarukaruka, na kamera imeikamata katika mojawapo ya miruko. PR iko chini kwa sababu pigo linalowahi sana hukuta ventrikali haijajaa, na damu inayosukumwa haitoshi kufika kidoleni. Msikilize moyo kwa dakika nzima huku mwenzako akishika mapigo ya mkono. Tofauti mtaipata bila mashine.

Sasa turudi kwenye swali la muuguzi kuhusu kutetemeka. Mtetemo wa ugonjwa wa Parkinson huja mara 4 hadi 6 kwa sekunde, na kwa macho unafanana sana na atria zinazocheza. Lakini mkono unaotetemeka hauigusi nodi ya AV, kwa hiyo QRS hubaki na mpangilio wake. Badilisheni pia njia ya kutazama: mkono wa kulia ukitetemeka, njia ya I na ya II zitachafuka, lakini III haitumii mkono huo, na humo P inaweza kuonekana safi. Mwingilio wa umeme wa ukutani ni wa Hertzi 50, mistari myembamba yenye kimo kimoja inayounenepesha mchoro. Hauwezi kuhesabika kwa jicho. Mshindani wa kweli ni flata ya atria inayopitisha mapigo bila usawa. Hiyo ina meno ya msumeno yanayofanana, karibu 300 kwa dakika, yaani 5 kila sekunde. Yakifanana yote, si mpapatiko.

Kwa picha yetu najibu: ni mpapatiko wa atria, kwa kadiri sekunde 6 zinavyoweza kusema. Uthibitisho unahitaji ECG ya njia 12, au mchoro wa njia moja usiopungua sekunde 30. Isisubiri asubuhi, kwa sababu mama mwenye vali ya mitrali iliyosinyaa na mpapatiko anahitaji dawa ya kuzuia damu kuganda, na kama kusinyaa ni kwa kati au kukali dawa yake ni warfarini. Utafiti wa INVICTUS wa 2022, uliofanywa kwa wagonjwa wa moyo wa rumatiki, uliona dawa za kundi la warfarini zikifanya vizuri kuliko rivaroksabani.

Kuna dada ameinua mkono huko nyuma. Anauliza: je, ikiwa mstari wa chini unapapatika kweli, P haipo, lakini QRS zina usawa kabisa na zinakwenda 40 kwa dakika?

Asante, dada. Hapo usiseme mpapatiko umepona. Atria bado zinapapatika, ila geti limefungwa kabisa na ventrikali zinajiendesha zenyewe. Ulizia kwanza kama mgonjwa anameza digoksini. Kama anameza, usimpe dozi inayofuata, tuma damu ipimwe potasiamu na figo, piga ECG ya njia 12, na umwite daktari wakati huohuo.