Meseji ya Kuomba Kupeleka Nyanya Kila Wiki: Mhadhara kwa Wakulima wa Bonde la Luiche, Kigoma

Asanteni kwa kuja, na nyie mliosimama kule nyuma sogeeni, viti vipo. Nitaanza kwa kuwasomea meseji. Yeyote mwenye mgahawa pale Mwanga au Gungu anaijua, maana anaipata ya namna hii mara kwa mara:

«Mambo vipi boss. Nina nyanya nzuri sana fresh toka shamba bei poa. Ukihitaji nicheki.»

Tumtazame anayeisoma. Ni mama mwenye mgahawa, saa 6 mchana, wateja wamejaa, mpishi anadai mafuta. Meseji haimwambii nyanya ni kiasi gani, zitafika siku gani, wala bei poa ni shilingi ngapi. Kazi yote kaachiwa yeye: apige, aulize, abembeleze bei. Na nyanya anazo tayari, kazinunua asubuhi sokoni. Kwa hiyo hajibu, na aliyeiandika anasema wenye hoteli wana maringo.

Leo nazungumzia nyanya peke yake, kwa kuwa ndiyo inayoingia jikoni kila siku na ndiyo inayoharibika haraka. Mwenye kabichi atabadilisha hesabu mwenyewe.

Kabla hujashika simu, fanya hesabu mbili. Ya kwanza ni ya jiko lake. Tuchukue mgahawa unaouza sahani 80 kwa siku, Jumatatu mpaka Jumamosi. Hizo ni sahani 480 kwa wiki. Ukiweka gramu 100 za nyanya kwa sahani, mchuzi na kachumbari pamoja, unapata kilo 48. Gramu 100 ni makisio. Jiko la wali maharage linatumia pungufu, jiko la samaki wa mchuzi linazidi. Idadi ya sahani utaipata kwa kula pale mchana na kutazama meza zinajaa mara ngapi, au kwa kumuuliza anayehudumu. Makisio yakikosea kidogo si neno. Mama akiona umekisia, atakusahihisha, na akikusahihisha mazungumzo yameshaanza.

Hesabu ya pili ni ya shamba lako, na hapa ndipo wengi wanapoanguka. Umepanda mkupuo mmoja, nyanya zimeiva pamoja, unaona matenga yamejaa, unaandika «kila wiki». Mkupuo mmoja wa nyanya fupi, hizi zisizohitaji miti mirefu, unavunwa wiki tano au sita. Wiki ya kwanza unapata kidogo, katikati zinamwagika, mwishoni zinakuwa ndogondogo. Baada ya hapo huna kitu. Toka kusia mbegu kitaluni mpaka kuvuna ya kwanza ni kama miezi mitatu na nusu. Kwa hiyo mkupuo wa pili ulipaswa uwe umeshahamishiwa shambani kabla hujaandika meseji.

Mpango unaobeba ahadi ni huu. Sia kila baada ya wiki tatu, miche 150 kwa mkupuo. Hesabu kilo 2 kwa mche, usihesabu zile za kwenye picha ya pakiti ya mbegu. Utapata kilo 300 kwa kila wiki tatu, wastani wa kilo 100 kwa wiki. Mgahawa muahidi nusu, zile 48, na nusu nyingine iende sokoni. Hiyo nusu ya sokoni ndiyo itakayokuokoa mdudu kantangaze akiingia. Mwenye mkupuo mmoja asiandike «kila wiki», aandike «kwa wiki tano zijazo». Mama atakuelewa, na mwisho wake ataujua mapema.

Halafu kuna mvua. Luiche sote tunaijua: Mei mpaka Oktoba tunamwagilia na nyanya zinakaa vizuri, ila ikifika Novemba ugonjwa wa bakajani chelewa unaanza, na bondeni chini maji yanaweza kusimama shambani. Ahadi ya mwaka mzima kutoka bondeni ni ya uongo hata kama mwenye kuitoa hana nia mbaya. Weka tarehe ya mwisho. Kwa mwenye mgahawa, muuzaji anayesema «mpaka mwisho wa Oktoba» ana uzito kuliko anayesema «muda wote».

Sasa meseji yenyewe. Nitaisoma yote, kisha tuichambue pale penye mambo.

«Shikamoo mama. Mimi ni mkulima wa nyanya Luiche. Naomba nikuletee nyanya kwa kilo hapo Mwanga, kila Jumatatu na Alhamisi kabla ya saa 2 asubuhi.

Nakisia jiko lako linatumia kama kilo 48 kwa wiki, utanisahihisha. Naweza kuleta kilo 24 kila safari, kuanzia Jumatatu ijayo mpaka mwisho wa Oktoba. Nusu zimeiva za kupika siku hiyo, nusu zinageuka rangi za siku zinazofuata. Tunapima mlangoni kwako. Iliyopasuka au yenye tundu narudi nayo, haihesabiwi.

Bei ni 1,600 kwa kilo, usafiri ni juu yangu, haibadiliki kwa wiki nne isipokuwa soko likiruka sana. Mzigo wa Jumatatu utanilipa Alhamisi nikileta mwingine. Siku nikipungukiwa nitakwambia jana yake kabla ya saa 12 jioni ujipange.

Nikuletee kilo 5 za kujaribia kesho au keshokutwa asubuhi, kwa bei hiyohiyo?»

Mstari wa kwanza una salamu, nani, nini, wapi na lini. Simu ikiwa imefungwa, mama anaona maneno machache tu juu ya kioo, basi hayo machache yabebe mzigo. Salamu isitumwe peke yake ukasubiri itikiwe; salamu bila shida inamfanya mtu mwenye kazi adhani unakuja kukopa. Kama hujui umri wake, «Habari za kazi, mama» inatosha. Na tuma saa 9 au 10 alasiri, msongamano wa chakula cha mchana ukiisha, kabla hajaanza kuhesabu mauzo.

Kilo. Najua tumezoea tenga na sado. Lakini tenga linategemea nani kalisuka na nani kalijaza, na nyanya za chini zinafika zimepondeka kwa uzito wa za juu. Mwenye mgahawa akinunua tenga ananunua pia zile zilizopondeka, na anajua. Ukimwambia kilo, kwenye mzani, mlangoni kwake, umemtolea hofu aliyoizoea kila asubuhi. Mzani wenyewe uwe umekaguliwa na Wakala wa Vipimo, una stika yake. Mzani wa kienyeji utazua ugomvi wiki ya pili. Na mzigo usafiri kwenye kreti za plastiki, zisizidi safu tatu nne za nyanya.

Nusu zimeiva, nusu zinageuka. Sentensi hii ndiyo itakayomwonyesha mama kwamba unajua jiko. Nyanya iliyoanza kugeuka rangi, kwa joto letu la Kigoma, inakuwa nyekundu ndani ya siku chache. Mzigo wa Jumatatu lazima umfikishe Jumatano jioni. Ukileta zote nyekundu, Jumatano anatupa. Ukileta zote za kugeuka, Jumatatu anakimbilia sokoni na lawama ni yako. Mwambie pia asiziweke zinazogeuka kwenye friji: baridi kali inazizuia kuiva, zinabaki na ladha ya maji. Wewe nawe uchume umande ukishakauka, na usizioshe, maana nyanya iliyofungwa ikiwa na maji inaanza kuoza kwenye kikonyo. Ukichuma Jumapili alasiri kwa ajili ya Jumatatu, zilale kivulini zimetandazwa.

Tukae kidogo kwenye bei, kwa sababu makubaliano mengi yanafia hapo. Hiyo 1,600 ni mfano tu, ya kwenu mtaiweka kwa soko la siku hiyo. Ndani yake kuna bodaboda: safari ya 3,000 kwa kilo 24 ni shilingi 125 kwa kilo. Usipoihesabu, utakuwa unamlipia mama usafiri bila kujua.

Bei isiyobadilika kabisa haidumu. Soko likipanda, mkulima anapeleka mzigo Mwanga sokoni na kumwambia mama mvua imeharibu. Likishuka, mama ananunua sokoni na kumwambia mkulima wateja wamepungua. Wote wanajua mwenzake anadanganya. Kwa hiyo mkikutana, baada ya meseji, kubalianeni hivi: bei inasimama mpaka soko lipande au lishuke zaidi ya moja ya tano. Kwa 1,600, hiyo ni chini ya 1,280 au juu ya 1,920. Likivuka, mnagawana tofauti nusu kwa nusu. Soko likifika 2,400, tofauti ni 800, mama anaongeza 400, analipa 2,000. Bado kanunua rahisi kuliko sokoni, na wewe umepata zaidi ya jana. Bei ya soko ijulikane vipi wakati kule wanauza kwa sado? Jumamosi asubuhi nunueni sado moja kwa wauzaji watatu tofauti, pimeni kila moja kwenye mzani, gawanyeni jumla ya fedha kwa jumla ya kilo. Mambo haya yote usiyaandike kwenye meseji ya kwanza, itakuwa ndefu kama mkataba. «Isipokuwa soko likiruka sana» inatosha kufungua mlango.

Kilo 5 za kujaribia ziuzwe, zisitolewe bure. Najua wengine hapa hawakubaliani nami. Kitu cha bure mpishi anakigawa, hakuna anayekikagua. Kilicholipiwa mama anakitazama mwenyewe. Na zisiwe za kuchaguliwa moja moja. Zitoke kwenye kreti ileile atakayoletewa Jumatatu, la sivyo mzigo wa kwanza utaonekana umeshuka.

Ndiyo, dada, uliza.

Swali ni: akisema atalipa mwisho wa mwezi? Hesabu: kilo 48 mara 1,600 ni 76,800 kwa wiki. Kwa wiki nne ni 307,200 ziko mkononi mwake, na dawa ya kantangaze hujanunua. Kwa utaratibu wa kulipa mzigo uliopita unapoleta mwingine, deni halizidi mzigo mmoja, 38,400. Mwambie kwa upole kwamba shamba linadai kila wiki. Akishikilia mwezi, mpe nusu ya mzigo, kilo 12 kila safari, na mwambie safari mbili zisipolipwa ya tatu haiondoki shambani. Kila safari andikeni kilo, bei na tarehe kwenye daftari la nakala, aliyepokea atie sahihi, karatasi moja ibaki kwake. Mara nyingi anayepokea saa 2 asubuhi ni mpishi, na anayelipa ni mama. Bila hiyo karatasi mtabishana kuhusu Jumatatu ambayo hakuna anayeikumbuka.

Na asipojibu meseji kabisa? Mpe siku mbili, kisha tuma moja tu: «Mama, kesho nashusha nyanya Mwanga saa 1 na nusu. Nipite na zile kilo 5?» Akinyamaza tena, nenda mgahawa wa jirani.