Barua kwa mchapaji: jina likikosewa kwenye kiolezo cha cheti

Walimu wenzangu, karibuni. Leo tunamwandikia mchapaji wa Kariakoo aliyetutengenezea kiolezo cha cheti cha wahitimu. Tuchukue mfano: mwalimu mkuu anaitwa Khadija, lakini kiolezo kinasoma Hadija.

Kosa la aina hii ni gumu kulinasa, maana majina yote mawili yapo mitaani. Mchapaji hata akisoma mara tatu haoni tatizo. Na kwa kuwa liko kwenye kiolezo, litatoka kwenye kila cheti.

Kabla ya kushika kalamu, piga simu: "Kaka, naomba msianze kuchapa, kuna jina limekosewa. Barua inakuja." Kama kazi inachapwa kwa pleti, yaani mabamba ya kuchapia, na pleti zimeshatengenezwa, itabidi zitengenezwe nyingine, na hapo ndipo ubishi wa nani alipe unapoanza.

Sasa barua. Anwani ya shule juu kulia, tarehe chini yake, kisha kushoto anwani ya meneja wa kiwanda. Kichwa kitaje kazi yenyewe:

YAH: KUSAHIHISHA JINA LA MWALIMU MKUU KWENYE KIOLEZO CHA CHETI

Usiandike tu "jina limekosewa, tunaomba mrekebishe". Fundi atabaki anakisia. Andika hivi:

"Kwenye kiolezo mlichotutumia tarehe 4 Novemba, jina lililo chini ya mstari wa saini, upande wa kulia, limeandikwa HADIJA. Jina sahihi ni KHADIJA, yaani K-H-A-D-I-J-A. Tunaomba msahihishe jina hilo tu, msibadilishe kingine, na mtutumie nakala ya majaribio kabla ya kuchapa."

Mahali lilipo, lilivyo sasa, linavyotakiwa kuwa. Hapo fundi hana la kuuliza.

Ambatisha kiolezo chenye kosa likiwa limezungushiwa kalamu nyekundu, pamoja na nakala ya maandishi mliyompa mwanzo. Kama mliandika Khadija, hiyo ndiyo hoja yenu kwamba gharama si ya shule. Kama ninyi ndio mlioandika Hadija, semeni hivyo kwenye barua na muulize bei. Malizia "Wako katika kazi", saini, jina lako, na k.n.y. Mwalimu Mkuu.

Tuma kwa Watsapu ukitaka, ila jina liandikwe kwenye ujumbe wenyewe, si kwenye picha tu, ili fundi alinakili lilivyo. Akilisoma kwenye picha atalichapa upya kwa mkono.

Nakala ya majaribio ikija, usiangalie K peke yake. Mara nyingi mafundi hugeuza maandishi kuwa michoro isiyoweza kuongezwa herufi moja tu, hivyo jina zima huandikwa upya. Linganisha aina ya herufi za jina hilo na za maneno ya jirani. Angalia pia kama jina, lililorefuka kwa herufi moja, bado liko katikati ya mstari wa saini. Halafu soma cheti chote kuanzia juu, mwombe mwalimu mkuu mwenyewe asome jina lake, ndipo uandike "Imekubaliwa", tarehe na saini.