Kidonda cha Pembeni mwa Ulimi: Mhadhara kwa Mafundi wa Jua Kali, Kamukunji

Habari za mchana, mafundi. Asanteni kwa kuzima grinda kidogo tusikizane. Mimi ni daktari wa meno, lakini leo meno nitayagusa kwa mbali tu. Nimekuja kuzungumzia saratani ya mdomo, hasa ile inayoanzia pembeni mwa ulimi, kwa sababu hapo ndipo mara nyingi watu huiona na kuipuuza.

Tuchukue fundi wa miaka hamsini na kitu. Anavuta sigara tangu ujana, na jioni hupitia kwa mama pima. Gego moja la chini limevunjika, na ukingo wake umekuwa mkali. Siku moja anahisi kidonda kwenye ulimi, hapo hapo linapogusa jino. Anajiambia, "Ni jino hili." Huenda ni kweli. Anasukutua kwa maji ya chumvi, duka la dawa linamuuzia dawa ya kupaka, maumivu yanapungua, anarudi kugonga mabati. Mwezi unaisha, kidonda kipo, na kwa kuwa hakiumi sana anaona kinapona. Hapo ndipo anapopotea njia: saratani ya mdomo ikiwa changa mara nyingi haiumi. Inayomkosesha mtu usingizi kwa kawaida imeshakua.

Kipimo chetu ni kalenda. Ngozi laini ya ndani ya mdomo hujijenga upya haraka, kwa hiyo kidonda cha kujiuma au cha kuungua na chai kinatakiwa kiwe kimefunga ndani ya wiki mbili hivi. Kikipita wiki mbili, nenda kikaangaliwe. Kikifika tatu, usikubali kupewa dawa nyingine ya kupaka na kuambiwa urudi nyumbani. Fanya vivyo hivyo ukiona baka jeupe lisilofutika, na zaidi ukiona baka jekundu. Jekundu huonekana kama mwasho tu, lakini sisi hutushtua kuliko jeupe. Kuna pia uvimbe wa shingoni usioondoka, jino linalolegea bila sababu, na mdomo wa chini unaokufa ganzi.

Sasa sigara na pombe. Moshi wa tumbaku una kemikali zinazoharibu chembe hai za mdomo. Pombe nayo mwilini hugeuka kuwa kemikali nyingine yenye sumu, na pia hulegeza ngozi ya mdomo ili sumu ya tumbaku ipenye vizuri zaidi. Ndiyo maana anayetumia vyote viwili hatari yake haijumlishwi, inazidishwa. Na wale wanaobandika tumbaku ndani ya shavu wasinitazame kana kwamba hawamo: kwao ugonjwa hupenda kuanzia pale pale wanapobandika. Ukiacha, hatari hushuka, ila huchukua miaka. Na wapo wanaougua bila kuvuta wala kunywa, kwa hiyo kidonda cha asiyevuta nacho kina wiki mbili zile zile.

Uchunguzi wenyewe ni dakika chache, bila sindano. Unavua meno ya bandia kama unayo. Napapasa shingo na chini ya taya nikitafuta tezi zilizovimba. Kisha kwa taa na kioo natazama midomo, mashavu, fizi na kaakaa. Ulimi naushika kwa kipande cha shashi, nauvuta kulia na kushoto nione pembeni hadi nyuma kabisa, maana ukiutoa tu mwenyewe sehemu hiyo haionekani. Mwisho naweka kidole chini ya ulimi na mkono mwingine chini ya kidevu, nikitafuta ugumu.

Yule fundi wetu, kama kidonda ni kidogo na laini, nitasaga ule ukingo wa jino na kumpa tarehe ya kurudi baada ya wiki mbili. Kikiwa kimepona, jino ndilo lilikuwa na makosa. Kikiwa bado kipo, au kama tangu mwanzo kingo zake ni ngumu na zimeinuka, nampiga ganzi na kukata kipande kidogo kwenye ukingo, si katikati, kwa sababu katikati mara nyingi ni nyama iliyokufa isiyotoa jibu. Kipande kinaenda maabara. Macho yangu hayatoshi kusema ni saratani. Maabara ndiyo inayosema. Na jibu likija safi huku kidonda hakiponi, tunakata tena.

Swali la mama pale nyuma: je, kumchunguza kila mtu kunasaidia? Utafiti mkubwa wa Kerala, India, uliochapishwa mwaka 2005, ulionyesha vifo vilipungua miongoni mwa watumiaji wa tumbaku au pombe. Kwa wengine faida hiyo haikuonekana wazi. Kwa hiyo leo naanza na wavutaji na wanywaji. Mzee wa kofia, kaa hapa kwenye mwanga, toa hayo meno.