Mada ya Chaneli Kabla ya Video ya Kwanza: Mapishi, Kuku au Cherehani?

ELIA: Karibuni tena katika kipindi chetu. Leo tunazungumza na mtu anayetaka kufungua chaneli ya YouTube na bado hajarekodi chochote. Mwenzangu Zainabu amekaa na daftari lake wiki tatu nzima bila kugusa kamera, na nimemwomba alifungue daftari hilo mbele yetu. Dada Zainabu, karibu.

ZAINABU: Ahsante, kaka Elia. Nilianza na mada tatu. Ya kwanza ni mapishi, kwa sababu napenda kupika. Ya pili ni ufugaji wa kuku, kwa sababu mjomba wangu anafuga na kila mtu aliniambia kwamba mada hiyo ina watazamaji wengi. Ya tatu ni matatizo ya cherehani, kwa sababu nimekulia kwenye chumba cha ushonaji cha mama yangu, na mpaka leo majirani huniletea mashine zao zinapogoma.

ELIA: Mada zako umezipima kwa vigezo vitatu, yaani mapenzi, mahitaji na ushindani. Tuanze na mapenzi ya mtu kwa mada yake, maana wengi hudhani hapo hakuna la kupima. Mtu husema anapenda mpira, basi atafungua chaneli ya mpira. Kumbe anachopenda ni kutazama mpira, na kazi ya kutengeneza video za mpira ni nyingine kabisa. Tena hana haki ya kutumia picha za mechi, kwa hiyo atabaki ameketi mbele ya kamera akisimulia mabao ambayo hawezi kuyaonyesha. Wewe ulipimaje?

ZAINABU: Niliandika vichwa vya video 30 kwa kila mada, kwa mkono, bila kufungua mtandao. Sharti nililojiwekea ni kwamba kila kichwa kiwe video moja kamili ambayo ningeweza kuirekodi kwa vitu vilivyopo karibu nami. Mapishi yalifika 30 kwa muda mfupi. Kuku walikwama kwenye kichwa cha 11, na hata hivyo vinne kati ya hivyo vilikuwa swali moja la chakula cha vifaranga lililoandikwa kwa maneno tofauti. Kwa cherehani nilifika 30 nikaendelea, kwa sababu kila kichwa kilinikumbusha mashine fulani iliyowahi kuletwa nyumbani. Kisha nililifunga daftari kwa wiki moja, nikarudi kusoma nikiwa nimepoa. Nilijiuliza ni vichwa vingapi bado natamani kuvifanyia kazi, na kwa upande wa kuku nilikuta ni viwili tu.

ELIA: Hapo kuku wakatoka, ingawa ndiyo mada ambayo kila mtu alikusukuma uichukue.

ZAINABU: Walitoka, na sikusubiri kuona kama idadi ya watazamaji wao ingefidia. Nilikuja kuelewa kwamba vigezo hivi vitatu havijumlishwi kama alama za mtihani, ambapo somo moja hubeba jingine. Mada ikikosa mapenzi ya anayeifanya, wingi wa watazamaji hautamsaidia akifika video ya kumi na mbili akiwa hana la kusema.

ELIA: Sasa tuje kwenye mahitaji. Unajuaje kama watu wanaitafuta mada yako?

ZAINABU: Nilifungua kivinjari kwenye dirisha la faragha, ili historia yangu isiingilie matokeo, nikaenda YouTube na kuandika neno «cherehani» bila kubofya kitufe cha kutafuta. Mapendekezo yanayoteremka chini ya kisanduku hutokana na yale ambayo watu huyatafuta kweli. Niliyanakili yote, kisha nikaongeza herufi moja moja baada ya neno hilo, yaani a, b, ch, na kuendelea, nikiandika kila pendekezo jipya. Baadaye nikajaribu pia «mashine ya kushona» na «cherahani», kwa sababu jamaa zangu wa Mombasa hawaliandiki neno hili kama sisi wa Tanga. Ukitumia neno la mji wako peke yake, unaweza kudhani hakuna anayetafuta, kumbe wanatafuta kwa neno jingine.

ELIA: Na Google Trends, chombo kinachoonyesha jinsi neno linavyotafutwa? Watu wengi huelekezwa huko.

ZAINABU: Nilikwenda, na ningependa wasikilizaji wetu wawe waangalifu hapo. Kwanza, chombo hicho huanza na utafutaji wa kwenye Google, kwa hiyo lazima ubadilishe chaguo liwe «YouTube Search». Pili, namba zake kati ya 0 na 100 hazihesabu watu. Zinalinganisha wakati mmoja na mwingine, na 100 ni kile kilele cha kipindi ulichokichagua. Tatu, kwa maneno mengi ya Kiswahili utaambiwa kwamba data haitoshi. Mtu anayefuata ushauri uliotolewa kwa ajili ya Kiingereza atalisoma jibu hilo kama hukumu kwamba mada imekufa, ilhali maana yake ni kwamba utafutaji haujafika kiwango ambacho chombo hicho hukionyesha. Mada inaweza kuwa na watu wa kutosha kulea chaneli ndogo na bado isionekane humo.

ELIA: Basi uliangalia wapi?

ZAINABU: Nilizitazama video zenyewe. Nilichukua kila tatizo, kwa mfano cherehani kuruka mishono, nikafungua video 20 za mwanzo na kuandika mambo matatu kuhusu kila moja, yaani imetazamwa mara ngapi, chaneli yake ina wafuasi wangapi, na iliwekwa lini. Ninachokitafuta ni video iliyoizidi chaneli yake. Tuseme chaneli ina wafuasi 900 na video moja imetazamwa mara 30,000. Wafuasi wa chaneli hiyo hawawezi kuieleza idadi hiyo peke yao, kwa hiyo ni tatizo lenyewe lililowavuta watu kutoka nje. Lakini chaneli yenye wafuasi 500,000 ikipata watazamaji 30,000, sijajifunza lolote kuhusu mada, kwa sababu huenda waliifuata sura ya mwenye chaneli.

ELIA: Kumbe orodha hiyo moja imekupa mahitaji na ushindani kwa pamoja. Na mapishi yalikuwaje ulipoyapitisha humo?

ZAINABU: Mahitaji yalikuwa makubwa mno, lakini nilipoandika «jinsi ya kupika pilau», ukurasa wote wa mwanzo ulikuwa wa chaneli kubwa, zenye video safi, nyingi zikiwa za karibuni na zinazojibu swali mpaka mwisho. Nilijiuliza nitaongeza nini kwenye pilau, nikakosa jibu la kweli. Mwingine angeweza kulipata, pengine kwa kubana mada iwe mapishi ya mwanafunzi mwenye jiko moja la mafuta ya taa. Mimi sikuwa naye mtu huyo kichwani.

ELIA: Ila kuna hatari ya upande wa pili. Mtu akikuta mada isiyo na video hata moja, hufurahi akidhani amepata shamba lisilo na mwenyewe.

ZAINABU: Na mara nyingi halina mwenyewe kwa sababu halioti kitu. Ndiyo maana nilisoma maoni kwa makini kuliko nilivyotazama video. Mada iliyo tupu kweli haina hata watu wanaouliza. Kwenye cherehani nilikuta video za zamani zenye picha yenye giza na sauti ya feni, na chini yake maswali ya watu yasiyojibiwa kwa miaka. Nikupe moja nililolinakili. Mtu anasema uzi unajifunga kama kiota chini ya kitambaa, amekaza skrubu ya bobini, pale uzi wa chini unapokaa, kama alivyoelekezwa, na hali imezidi kuwa mbaya.

ELIA: Kwani alielekezwa vibaya?

ZAINABU: Aliyemwelekeza alitazama mahali tatizo linapoonekana. Kiota kikiwa chini ya kitambaa, kwa kawaida kosa liko kwenye uzi wa juu, ambao haukuingia katikati ya vile visahani viwili vinavyoukaza. Mtu hupitisha uzi huku kile chuma kinachokandamiza kitambaa kimeshushwa, na kikishushwa visahani hubanana, uzi ukabaki juu juu. Anatakiwa kukiinua kwanza, kisha apitishe uzi upya. Nilipoona video tatu zilizotazamwa sana zikiwapeleka watu kwenye bobini, nilijua kwamba ushindani uliopo hauwajibu watu. Hilo lilinipa uhakika kuliko idadi yoyote.

ELIA: Nami nina pingamizi, na nalisema nikikutakia mema. Mtu ambaye cherehani yake imepona harudi. Atatazama dakika tatu, atashukuru, ataondoka. Ili matangazo yaanze kukulipa, YouTube inataka wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, ukiacha njia ya video fupi. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Kila mtu akikutazama dakika tatu, unahitaji kutazamwa mara 80,000, na watu hao wote wawe wageni.

ZAINABU: Hesabu hiyo ilinisumbua usiku kucha ulipoitaja mara ya kwanza, na ndiyo iliyobadilisha mada yangu. Nilirudi kwenye vichwa vyangu na kuuliza ni nani anayeuliza maswali haya. Fundi mzoefu haulizi kuhusu kiota cha uzi. Anayeuliza ni mtu aliyenunua cherehani yake ya kwanza, pengine iliyotumika, na anataka kuanza kushona kwa ajili ya biashara. Mtu huyo leo anasumbuliwa na uzi. Wiki ijayo atataka kujua kwa nini mashine inaruka mishono kwenye kitambaa cha kuvutika, wakati sindano yake ni ileile anayoshonea kitenge. Mwezi ujao atataka kujua amtoze mteja kiasi gani kwa kupunguza suruali. Kwa hiyo nimeacha kusema kwamba chaneli yangu inahusu matengenezo ya cherehani, nikasema ni ya fundi anayeanza mwenye mashine moja.

ELIA: Na umekwenda kupima upya kwa mada hiyo?

ZAINABU: Nimepima. Vichwa 19 kati ya 30 vya zamani vimebaki, na 11 vya matengenezo mazito, kama kurekebisha shafti, nimeviondoa kwa sababu fundi anayeanza hatathubutu kuvigusa. Nafasi hizo nimezijaza kwa maswali ya vipimo, vitambaa na bei. Kwenye bei za ushonaji nimekuta video chache na maswali mengi katika maoni, lakini bei hutofautiana kati ya mji na mji, kwa hiyo sina budi kufundisha namna ya kukokotoa badala ya kutaja kiasi.

ELIA: Kwa hiyo kamera inatoka lini?

ZAINABU: Jumamosi. Jirani ataniletea cherehani yake ya mguu ambayo inafanya kiota kila akianza mshono, na nimemwomba asiiguse mpaka siku hiyo, ili nirekodi uzi ukiwa vilevile alivyoupitisha yeye.