Hesabuni Miezi, Jumla ya Mwaka Inaficha: Mhadhara kwa Wahasibu na Maafisa Utumishi wa Hospitali

Ndugu zangu, shikamooni wakubwa, na wengine habari za asubuhi. Sitaeleza ovataimu ni nini, maana nyote mnailipa kila mwezi. Nakwenda moja kwa moja kwenye jambo ambalo nimelisema katika kila kikao nilichoitwa na nitaendelea kulisema: ukitaka kujua idara gani inavuka bajeti ya saa za ziada mara kwa mara, usijumlishe mwaka. Hesabu miezi.

Tuchukue idara mbili za hospitali moja. Tarakimu nimezilainisha kidogo ili tuhesabu pamoja. Wodi ya wazazi ilipewa saa 400 za ziada kwa mwezi, yaani 4,800 kwa mwaka, ikatumia 5,100. Idara ya ufuaji ilipewa saa 120 kwa mwezi, yaani 1,440 kwa mwaka, ikatumia 1,452. Ukiweka jumla hizi mbele ya menejimenti, nani ataitwa kujieleza? Wodi ya wazazi, kwa saa 300. Ufuaji wamezidisha saa 12 tu kwa mwaka mzima, kwa hiyo watapongezwa.

Sasa fungueni miezi. Wodi ya wazazi ilitumia saa 395 kila mwezi katika miezi kumi na mmoja, chini ya bajeti. Aprili peke yake ikafika 755, kwa sababu wauguzi kadhaa walikuwa likizo kwa wakati mmoja na zamu zao zikabebwa na wenzao. Ufuaji je? Miezi tisa kati ya kumi na miwili walitumia saa 138, asilimia 15 juu ya bajeti, na miezi mitatu wakatumia 70. Hiyo miezi mitatu ndiyo iliyoifunika ile tisa.

Najua kuna mtu hapa anasema moyoni: lakini saa 300 ni fedha nyingi kuliko saa 12. Ni kweli, na sijasema msiulize kuhusu Aprili. Ulizeni, mpate jibu, mrekebishe ratiba ya likizo, basi limekwisha. Tatizo la ufuaji halijaisha. Litarudi Januari, litarudi Februari, na hakuna atakayeliona kwa sababu kila Desemba jumla inakaa vizuri. Kuvuka mara moja kuna tukio nyuma yake. Kuvuka mara tisa kuna mpangilio nyuma yake, na mpangilio haubadiliki kwa barua ya onyo.

Kwenye Excel kazi yenyewe ni ndogo. Laha moja iitwe Saa: tarehe ya kazi iwe safu A, idara safu B, saa za ziada safu E. Laha ya pili iwe na idara upande wa kushoto na tarehe ya kwanza ya kila mwezi juu, kuanzia B1 hadi M1. Kisha:

```
=SUMIFS(Saa!$E:$E,Saa!$B:$B,$A2,Saa!$A:$A,">="&B$1,Saa!$A:$A,"<"&EDATE(B$1,1))
```

Laha ya Bajeti ipangwe kwa sura hiyohiyo, na mwisho wa kila mstari uhesabu miezi iliyovuka:

```
=SUMPRODUCT(--(B2:M2>Bajeti!B2:M2*1.05))
```

Ile 1.05 nimeiweka makusudi, ili idara iliyotumia saa 121 badala ya 120 isiitwe mkosaji. Mimi huita idara kwenye mazungumzo ikivuka miezi mitatu mfululizo, au sita kati ya kumi na miwili. Ninyi mnaweza kuchagua kipimo kingine, ila mkichague kabla ya kuona majina ya idara.

Lakini kabla ya fomula yoyote, saa zenyewe ziwe saa. Hapa naomba mnivumilie, maana jambo hili lilinifundisha kazi.

Kuna hospitali niliyowahi kufanyia ukaguzi, jiko lake lilikuwa linaongoza kwa kuvuka. Kila mwezi, bila kukosa. Nikaandaa jedwali langu, nikaingia kikaoni, nikasema mbele ya watu kwamba jiko kuna wafanyakazi wanaoandikiwa zamu za saa kumi na sita na nusu. Mkuu wa jiko alikuwa mama mtu mzima. Hakupandisha sauti. Akaomba aione karatasi yangu, akaishika mbali kidogo na macho, akasoma mstari mmoja mmoja. Kisha akaniambia, "Mwanangu, hapa umeandika nimeingia saa nane usiku. Hebu niambie, saa nane usiku nimekuja kupika nini?"

Tukaenda stoo tukatoa karatasi za mahudhurio za mwezi ule. Kwenye safu ya kuingia, kwa mkono wake, imeandikwa 2:00. Saa mbili asubuhi, kama sisi sote tunavyosema. Kwenye safu ya kutoka, msimamizi wa jioni amesoma simu yake, akaandika 18:30. Karani wa mishahara akaingiza vyote viwili kama vilivyo. Kompyuta ikachukua 02:00 hadi 18:30, ikatoa saa kumi na sita na nusu. Mama yule alikuwa ameingia saa mbili asubuhi na kutoka saa kumi na mbili na nusu jioni, saa kumi na nusu. Sita za juu hakuna aliyezifanya. Nilirudi kwenye kikao kilichofuata nikamwomba radhi mbele ya watu walewale.

Kosa hili lina alama yake: linazidisha au kupunguza saa sita kamili. Mtu akiingia kwa saa ya simu, 08:00, na kutoka kwa saa yetu, 12:30, kompyuta itampa saa nne na nusu, kumbe amefanya kumi na nusu. Huyo amedhulumiwa, na mara nyingi hata hajui. Na akiandika saa yetu pande zote mbili, 2:00 hadi 1:00 usiku, jibu linakuwa hasi. Karani akilazimisha livuke usiku wa manane, anapata saa 23 badala ya 11, yaani kosa la kumi na mbili.

Kwa hiyo chujeni kwanza kila zamu inayozidi saa 12. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu mtu kufanya kazi zaidi ya saa 12 kwa siku, pamoja na za ziada. Zamu iliyopita hapo ama ni kosa la kuandika, ama ni uvunjaji wa sheria, na yote mawili yanataka mtu akayaangalie. Jaribuni kutoa sita: ikilingana na zamu ya kawaida ya idara, mmeshajua. Lakini msirekebishe mkiwa mmekaa mezani. Rudini kwenye karatasi, muulizeni mwenye mkono ulioandika, kwa maana saa hizo ni mshahara wa mtu. Chujeni pia zamu fupi kupita kiasi. Watu wa ukaguzi tunapenda kuwinda kilichozidi tu, na hiyo si haki.

Turudi kwenye ufuaji, nilipowaacha. Saa zao zilikuwa sahihi, nilizipitia. Zamu yao ilianza saa mbili asubuhi hadi saa kumi na nusu jioni, saa moja ya mapumziko ndani yake, siku sita kwa wiki. Hizo ni saa 45, kiwango cha sheria kwa wiki. Shuka za chumba cha upasuaji zilikuwa zinashuka saa kumi na moja jioni, nusu saa baada ya zamu kwisha. Basi watu wawili, walewale kila siku, walibaki hadi saa moja usiku kuzifua na kuzianika ili asubuhi ziwepo. Saa mbili na nusu kwa kila mmoja.

Fanyeni hesabu. Wiki nne zina siku 24 za kazi, kwa hiyo kila mmoja ana saa 60 za ziada, na wawili wana 120. Ndiyo ile bajeti! Aliyeipanga alihesabu wiki nne, lakini mwezi wa kalenda una takriban siku 26 za kazi, ambazo ni saa 130, na nane zilizobaki zilikuwa za Jumapili. Bajeti ilikuwa lazima ivukwe.

Lakini kuna baya zaidi. Sheria ileile inasema saa za ziada zisizidi 50 katika kila wiki nne kwa mfanyakazi mmoja. Hawa wawili walikuwa na 60. Hata idara ingebaki ndani ya bajeti yake, watu wake wawili walikuwa nje ya sheria, na bajeti yenyewe ndiyo iliyowatoa. Ndiyo maana nasema mkishapata idara, shukeni hadi kwa mtu. Pangeni saa kwa jina na kwa wiki nne, muone kama mzigo umegawanywa au umewalalia wachache.

Na ile miezi mitatu mizuri ya saa 70? Msimamizi alikuwa ameambiwa apunguze ovataimu, akachukua vibarua wa jioni na kuwalipa kutoka fedha za matumizi madogo. Saa zilikuwepo, ila hazikuandikwa kwenye karatasi ya mahudhurio. Idara ikishuka ghafla hadi karibu nusu bila zamu wala watu kubadilika, tazameni vocha za vibarua za miezi hiyo.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo mengine nitayapitia haraka.

Tarehe. Mishahara yenu mingi inafungwa tarehe 20, bajeti inakwenda kwa mwezi wa kalenda. Msitumie mwezi wa malipo, tumieni siku kazi ilipofanyika, la sivyo saa za Pasaka zitawatokea mwezi usio wake. Zamu ya usiku wa tarehe 31 ihesabiwe siku ilipoanza, na kanuni hiyo isibadilike katikati ya mwaka.

Watu wa kuazima. Muuguzi wa wodi ya wanaume akipelekwa dharura usiku, saa zake zinaangukia wodi yake ya asili. Wodi inaonekana inavuka, dharura inaonekana imetulia. Karatasi iwe na safu mbili: idara ya ajira na idara alikofanyia kazi.

Nafasi zilizo wazi nilitaka kuziongelea kwa kirefu, ila muda hautoshi.

Ufuaji walifanya hivi: watu wawili wakahamishiwa zamu ya saa nne na nusu asubuhi hadi saa moja usiku, saa saba na nusu zilezile za kazi. Asubuhi haikuharibika, kwa sababu shuka za wodini zilikuwa hazishuki mpaka saa tatu hata hivyo. Mwezi uliofuata saa za ziada zilikuwa nane, zote za Jumapili, na Jumapili hulipwa mara mbili.

Karatasi nilizogawa zina miezi kumi na miwili ya idara sita, majina yameondolewa. Idara ya nne ina zamu tatu zenye kosa la saa sita. Zitafuteni kwanza, halafu nitapokea maswali.