Kuandaa Slaidi za Makala ya Kisayansi: Mfano wa Jaribio la PALM

Wapendwa wanafunzi wa tiba na madaktari wenzangu wa Goma, nimechagua makala ya jaribio la PALM, iliyotoka mwaka 2019, kwa sababu wagonjwa wake walitibiwa hapa mashariki mwa nchi wakati wa mlipuko wa Ebola, na kwa sababu kurahisisha mbinu zake bila uangalifu huzaa kosa ambalo msikilizaji hawezi kuligundua.

Slaidi ya mbinu ihitaji visanduku vinne tu: wagonjwa waligawanywa kwa kura kati ya ZMapp, remdesivir, MAb114 na REGN-EB3, kisha wakahesabiwa waliofariki ndani ya siku 28. Hata hivyo REGN-EB3 iliingizwa baada ya jaribio kuanza. Kwa hiyo kundi lake lililinganishwa na wale tu waliopewa ZMapp tangu wakati huo, yaani vifo 52 kati ya wagonjwa 155 dhidi ya vifo 79 kati ya 154. Ilhali MAb114, yenye vifo 61 kati ya 174, ililinganishwa na kundi zima la ZMapp, vifo 84 kati ya 169. Anayefuta maelezo haya ili slaidi ipendeze atabaki na ZMapp mbili zisizoeleweka. Dalili ya kosa ni rahisi kuiona: ukijumlisha makundi yote manne, pamoja na wagonjwa 175 wa remdesivir, kisha ukaongeza 154 kama kundi la tano, utapata watu 827, wakati walioandikishwa walikuwa 681.

Neno moja la maabara lisiachwe, nalo ni Ct, idadi ya mizunguko ambayo kipimo cha PCR huhitaji kabla ya kuona virusi. Ct ndogo humaanisha virusi vingi. Elezeni hilo kabla ya kuonyesha kwamba, kwa wenye Ct ya 22 au chini yake, vifo vilifikia asilimia 63.6 hata kwa REGN-EB3.

Kuhusu michoro, msivute pembe za picha ndogo, kwani herufi zitakuwa na ukungu. Pakueni mchoro wa ukubwa kamili kutoka ukurasa wa jarida, au kuzeni PDF kwanza ndipo mkate picha. Kila sehemu ya mchoro ipewe slaidi yake, pamoja na mihimili yake yote miwili. Chini ya mistari ya vifo huwa kuna safu ya idadi ya wagonjwa waliobaki, ambayo wengi huikata ili kupata nafasi; mimi naona ni heri kukata kichwa cha slaidi. Mtu aliyeketi nyuma kabisa asiposoma namba za mhimili, andikeni upya namba hizo kwa herufi kubwa juu ya zile za asili.

Jaribio hili halikuwa na kundi lisilopewa dawa. Kwa hiyo sentensi ya matokeo ianze kwa maneno «Ikilinganishwa na ZMapp», na maneno hayo yasiondolewe hata slaidi ikijaa.